Barua kwa mamlaka ya kodi haijibiwi, au imejibiwa kando: tafuta kasoro hapa

Natunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo. Watu hawaniletei barua ya mamlaka ya kodi siku wanapoipokea. Hunijia baada ya kuijibu wenyewe mara mbili tatu na mambo yakaharibika, kwa hiyo kazi yangu huanza kwa kusoma walichoandika. Kasoro zinajirudia kiasi kwamba nikisikia tu kilichotokea baada ya barua kutumwa, mara nyingi nakisia barua yenyewe ilikuwaje. Nimezipanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo kinachotokea zaidi ndicho kinatangulia.

Nitatumia kisa kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, tarakimu zimebadilishwa. Mtu alitakiwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani ya mwezi Machi 2024, jumla 1,284,600, kabla ya tarehe 20 Aprili. Alilipa tarehe 18 Aprili, siku mbili kabla. Lakini alipokuwa akitengeneza namba ya malipo alichagua kipindi cha 04/2024 badala ya 03/2024, kwa sababu kichwani mwake alikuwa analipa “ya Aprili”, maana ndio mwezi aliokuwamo. Mfumo ulipokea fedha na kuziweka pale alipoelekeza. Tarehe 9 Julai ikamfikia hati ya madai: kodi ya Machi 1,284,600, pamoja na adhabu na riba 96,345, jumla 1,380,945. Alijibu tarehe 12 Julai kwa kurasa mbili zilizojaa uchungu. Wiki tano kimya, halafu hati ya madai ya pili.

Fedha zimelipwa, zimelipwa mapema, na mamlaka inazo. Bado anadaiwa. Hakuna barua rahisi kuishinda kuliko hii, na bado watu hushindwa.

## Dalili ya kwanza: kimya

Umetuma, wiki zimepita, hujajibiwa. Au kibaya zaidi, umepata hati nyingine ya madai kana kwamba hujawahi kuandika.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba barua haikufika kwenye jalada lako. Ilifika ofisini, ikapokelewa, lakini aliyeipokea hakujua ni ya nani na ya nini. Ofisi ya kodi haimtafuti mtu kwa jina. Majina yanafanana, jina la biashara linatofautiana na jina la mwenye biashara, na mtu mmoja anaweza kuwa na majalada ya kodi tatu tofauti. Barua inapata njia yake kwa vitu vinne: namba ya utambulisho ya mlipakodi, namba ya kumbukumbu ya hati unayoijibu, aina ya kodi, na kipindi. Ikikosa kimoja, mtu wa masjala anabahatisha. Ikikosa viwili, anaiweka pembeni.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji utaalamu wowote. Chukua nakala ya barua yako, funika kila kitu kuanzia salamu kwenda chini, usome kilichobaki juu. Je, mtu asiyekujua anaweza kwa mistari hiyo tu kufungua akaunti yako na kuitazama kodi husika ya mwezi husika? Mtu wetu alikuwa ameandika jina lake, namba ya simu, na kichwa kisemacho “YAH: MALALAMIKO”. Namba ya mlipakodi ilikuwepo, lakini ukurasa wa pili, katikati ya sentensi, na tarakimu mbili zilikuwa zimepishana nafasi. Hapo hakuna uzembe wa ofisi wa kulaumu.

Nakili namba moja kwa moja kutoka kwenye hati, usiiandike kwa kumbukumbu ya kichwa, kisha mpe mtu mwingine akusomee tarakimu moja moja huku wewe ukifuatilia kwenye hati. Ni jambo la kitoto, na limeokoa barua nyingi.

Chanzo cha pili ni barua kwenda kwa mtu asiyehusika. Hati nyingi zina anwani ya majibu au jina la kitengo karibu na saini, na kitengo hicho si lazima kiwe ofisi uliyoizoea. Wanaofuatilia madeni wako mahali pao, wanaopokea mapingamizi pao, wanaotunza akaunti pao. Andika kwa kitengo kilichokuandikia, hata kama unaamini kosa limefanywa na kitengo kingine. Kikitaka, kitaisogeza barua chenyewe, na hapo itakuwa na muhuri wa ndani.

Chanzo cha tatu ni kwamba barua ilisomwa, ikaeleweka, lakini haikuomba kitu. Hili nitalirudia chini, maana ndilo pana zaidi.

Cha nne: huna ushahidi kwamba ilifika. Barua iliyopelekwa kwa mkono bila nakala kugongwa muhuri wa kupokelewa ni sawa na barua iliyobaki mfukoni. Ukiipeleka mwenyewe, nenda na nakala mbili na urudi na moja yenye muhuri na tarehe. Ukiituma kwa mfumo wa mtandaoni wa mamlaka, hifadhi namba ya ombi inayotokea mwishoni, kwa sababu skrini ile ukishaifunga wakati mwingine hairudi. Kwa baruapepe, omba uthibitisho wa kupokelewa kwenye mstari wa mwisho, na usipopata ndani ya siku chache, ulizia.

Tiba ya kimya, ukishajua chanzo, si kuandika barua mpya yenye hadithi mpya. Ukifanya hivyo unakuwa na barua mbili zinazopishana kidogo, na ofisa atakayezikuta zote atajiuliza ni ipi ya kweli. Andika kumbusho la mistari minne: rejea barua yangu ya tarehe fulani, iliyopokelewa tarehe fulani, nakala imeambatishwa, ninaomba majibu. Kama barua ya kwanza ilikuwa mbovu kama ya mtu wetu, basi andika mpya na useme wazi ndani yake: “Barua hii inachukua nafasi ya barua yangu ya 12 Julai 2024.” Sentensi hiyo moja inafuta kurasa mbili za uchungu.

## Dalili ya pili: wanaomba tena ulichokwisha kutuma

Hii huwaudhi watu kuliko kimya. Umetuma stakabadhi, wanakuandikia “tafadhali wasilisha uthibitisho wa malipo”.

Mara nyingi kielelezo kilifika lakini hakithibitishi kile ulichodhani kinathibitisha. Taarifa ya benki inaonyesha fedha zimetoka kwako kwenda mamlaka ya kodi tarehe fulani. Haionyeshi zilikuwa za kodi gani wala kipindi gani, na hicho ndicho kinachobishaniwa. Kinachoonyesha hayo ni stakabadhi ya malipo yenye namba ya malipo, ambayo ndani yake imebeba aina ya kodi na kipindi. Mtu wetu alituma taarifa ya benki ya miezi mitatu, kurasa kumi na moja, bila kuweka alama kwenye mstari hata mmoja. Ofisa alitakiwa autafute mstari wa tarehe 18 Aprili kati ya miamala ya kununua bidhaa na kulipa pango.

Chukua kielelezo mkononi, jiulize: hiki kinathibitisha sentensi ipi ya barua yangu? Kama hujui, kiondoe. Kama kinathibitisha nusu, tafuta chenye nusu nyingine.

Chanzo kinachofuata ni viambatisho visivyo na majina. Viambatisho vyote vipewe herufi au namba, iandikwe juu kulia ya kila kimoja, na herufi hiyo itajwe ndani ya barua mahali hasa inapohitajika: “nililipa tarehe 18 Aprili 2024 (Kiambatisho B)”. Mwishoni mwa barua weka orodha fupi yenye idadi ya kurasa. Idadi ya kurasa inaonekana kama ushamba wa kikarani, lakini karatasi zikitenganishwa, na hutenganishwa, orodha ndiyo inayoonyesha kwamba wewe ulizituma zote.

Halafu kuna picha za simu zisizosomeka. Fungua faili ulilotuma kwenye kompyuta, si kwenye simu yako, uone kama tarakimu ya mwisho ya namba ya malipo inasomeka. Kivuli cha mkono kimewahi kugeuza 8 kuwa 3.

Jambo moja la tahadhari: tuma nakala, baki na karatasi halisi. Wakitaka halisi, ipeleke mwenyewe, waione, urudi nayo, au waipokee kwa maandishi.

## Dalili ya tatu: wamejibu, lakini si ulichouliza

Hapa ndipo penye kazi. Mtu wetu, baada ya hati ya pili, alikwenda ofisini akaambiwa barua yake ilisomwa na jibu liliandaliwa: maelezo ya namna ya kuomba kulipa deni kwa awamu. Alishangaa. Mimi nilipoisoma barua yake sikushangaa. Alikuwa ameandika kwamba biashara ni ngumu, kwamba ana watoto shuleni, kwamba amekuwa mlipaji mwaminifu kwa miaka, kwamba amelipa kila kitu, na kwamba anaomba “afikiriwe”. Ofisa aliyesoma neno “afikiriwe” baada ya habari za ugumu wa biashara alimfikiria hasa, kwa njia aliyoijua.

Chanzo kikuu, basi, ni ombi lisilo na kitendo. “Naomba msaada wenu”, “naomba mlishughulikie”, “naomba haki itendeke”: hakuna kitufe hata kimoja kwenye mfumo wa ofisi ya kodi kinachofanya mambo hayo. Vitendo ambavyo ofisa anaweza kuvifanya ni vichache, navyo ni hivi kwa jumla: kuhamisha malipo kutoka mahali kwenda pengine, kurekebisha ritani, kupunguza au kufuta adhabu, kurudisha fedha zilizozidi, kupokea pingamizi, kukubali malipo kwa awamu, kuongeza muda, au kutoa hati na taarifa. Ombi lako litumie kitendo kimojawapo. Ukishindwa kuchagua, hujaelewa bado tatizo lako, na barua isubiri.

Namna ya kuelewa tatizo ni kuomba taarifa ya akaunti yako ya kodi kabla ya kuandika chochote. Mamlaka nyingi hukuwezesha kuichapa mwenyewe mtandaoni. Kwa mtu wetu tuliichapa, na mambo yakawa wazi ndani ya dakika kumi. Kipindi cha 03/2024: kodi iliyotangazwa kwenye ritani 1,284,600, malipo sifuri. Kipindi cha 04/2024: kodi iliyotangazwa 902,150, malipo mawili, moja la 1,284,600 la tarehe 18 Aprili na jingine la 902,150 la tarehe 17 Mei. Jumla ya malipo ya Aprili ni 2,186,750. Toa 902,150, ziada ni 1,284,600. Upungufu wa Machi na ziada ya Aprili ni tarakimu ile ile, hadi senti.

Hapo huhitaji tena kumshawishi mtu kwamba wewe ni mwaminifu. Kitabu chao wenyewe kinasema. Kazi ya barua inakuwa kuweka mistari miwili ya kitabu hicho ubavuni mwa mwenzake. Barua tuliyoituma tarehe 22 Agosti ilikuwa ukurasa mmoja, nayo ilikwenda hivi:

> Kumb. yenu: Hati ya madai Na. DM/0472/2024 ya 9 Julai 2024
> Namba ya mlipakodi: [namba]
> Aina ya kodi: Kodi ya ongezeko la thamani
> Kipindi: 03/2024
>
> YAH: OMBI LA KUHAMISHA MALIPO YA 1,284,600 KUTOKA KIPINDI CHA 04/2024 KWENDA KIPINDI CHA 03/2024
>
> Rejea hati iliyotajwa hapo juu (Kiambatisho A), inayodai 1,380,945 kwa kipindi cha 03/2024. Barua hii inachukua nafasi ya barua yangu ya 12 Julai 2024.
>
> 1. Kodi ya kipindi cha 03/2024 ni 1,284,600. Ilitakiwa kulipwa kabla ya tarehe 20 Aprili 2024.
>
> 2. Nililipa 1,284,600 tarehe 18 Aprili 2024. Wakati wa kutengeneza namba ya malipo nilichagua kimakosa kipindi cha 04/2024 (Kiambatisho B).
>
> 3. Kodi ya kipindi cha 04/2024 ni 902,150, nayo niliilipa kwa malipo mengine tarehe 17 Mei 2024 (Kiambatisho C).
>
> 4. Kwa hiyo akaunti yangu inaonyesha ziada ya 1,284,600 katika kipindi cha 04/2024 na upungufu wa kiasi hicho hicho katika kipindi cha 03/2024 (Kiambatisho D).
>
> Ninaomba:
>
> (a) malipo ya 1,284,600 yahamishwe kutoka kipindi cha 04/2024 kwenda 03/2024, yakihesabiwa kuanzia tarehe halisi ya malipo, 18 Aprili 2024;
>
> (b) adhabu na riba ya 96,345 iondolewe, kwa kuwa malipo yalifanyika kabla ya tarehe ya mwisho;
>
> (c) hatua za kudai deni hili zisimamishwe wakati ombi hili likishughulikiwa, na nitumiwe taarifa ya akaunti iliyorekebishwa.
>
> Viambatisho: A – hati ya madai (kurasa 2), B – stakabadhi ya 18 Aprili 2024 (ukurasa 1), C – stakabadhi ya 17 Mei 2024 (ukurasa 1), D – taarifa ya akaunti (kurasa 2).

Angalia mambo matatu ndani yake. La kwanza ni kichwa cha habari. Kichwa hicho peke yake, bila barua, kingetosha ofisa kujua anatakiwa kufanya nini. Watu huandika “YAH: DENI LA KODI”, na ofisa ana rundo la barua zenye kichwa hicho.

La pili ni maneno “yakihesabiwa kuanzia tarehe halisi ya malipo”. Wengi huyasahau, na hata mimi niliwahi kuyasahau kwa mteja mmoja. Malipo yakihamishwa Septemba bila maneno hayo, mfumo unaweza kuyahesabu kama yaliyofanyika Septemba. Deni la msingi linaisha, lakini riba ya kuanzia Aprili hadi Septemba inabaki, na unaanza barua upya kwa ajili ya riba. Ukishajibiwa kwamba ombi limekubaliwa, chapa tena taarifa ya akaunti na utazame safu ya riba kabla hujafurahi.

La tatu ni kwamba alikiri kosa lake kwa maneno manne: “nilichagua kimakosa kipindi cha”. Hakumsingizia mtu wa benki wala mfumo. Kukiri kosa dogo la kikarani hakukudhuru, na kunampa ofisa sababu ya kuandika kwenye fomu yake ya ndani. Bila sababu, naye hana la kuandika.

Chanzo kingine cha dalili hii ni kuchanganya mambo mawili kwenye barua moja. Ungependa pia kuulizia marejesho ya mwaka juzi, na kubadilisha anwani, na kulalamikia foleni. Kila jambo linashughulikiwa na mtu tofauti. Barua ikifika kwa mmoja, anajibu lake na kuifunga. Andika barua tatu.

Na kuna chanzo cha nadra kidogo: ofisa ameelewa vizuri kabisa, lakini akaunti ina deni jingine usilolijua, na ziada yako imeshatumika kulifidia. Baadhi ya mifumo hupeleka fedha kwenye deni la zamani zaidi kwanza, au kwenye riba kabla ya kodi yenyewe. Ndiyo maana ziada uliyoitarajia haionekani. Hapo taarifa ya akaunti ya mwezi mmoja haitoshi. Chapa ya miaka yote inayopatikana, na utafute siku ambayo salio lilianza kutofautiana na vitabu vyako. Kama kutofautiana kumeanza zaidi ya mwaka mmoja nyuma na vipindi vingi vimeguswa, acha kuandika mwenyewe. Mpe mhasibu alinganishe vitabu na akaunti kipindi kwa kipindi. Barua itakuja baada ya jedwali lake.

## Dalili ya nne: “muda wako umepita” au “hii si pingamizi”

Dalili hii ni fupi kuieleza na ghali kuliko zote.

Mtu amepokea taarifa ya makadirio, yaani mamlaka imekokotoa yenyewe kodi anayotakiwa kulipa, naye hakubaliani na kiasi. Anaandika barua ya heshima akiomba ufafanuzi. Anajibiwa baada ya miezi miwili kwa ufafanuzi wa heshima vilevile. Anaandika tena kwamba hakubali, na sasa anaambiwa muda wa kuweka pingamizi ulikwisha. Kuomba maelezo hakukuusimamisha ule muda.

Kwanza, tazama jina la karatasi uliyopokea. Hati ya madai inakukumbusha deni ambalo tayari liko kwenye vitabu. Taarifa ya makadirio au uamuzi inaanzisha deni, na ndiyo yenye haki ya kupingwa ndani ya siku zilizowekwa na sheria. Mtu wetu alikuwa na hati ya madai na hakuwa anapinga kiasi cha kodi, hivyo barua ya kuhamisha malipo ilitosha. Kama angekuwa na makadirio mkononi, barua ile ile nzuri ingempoteza.

Pili, tafuta siku. Kwingine ni 30, kwingine 45, kwingine hata 90, na karibu kila mara zimeandikwa kwenye karatasi yenyewe, nyuma au kwa herufi ndogo chini. Angalia pia zinahesabiwa kuanzia lini: tarehe ya hati au tarehe uliyoipokea. Kama huna hakika, hesabu kuanzia tarehe ya hati, ndiyo iliyo salama. Hifadhi bahasha au baruapepe inayoonyesha ilifika lini.

Tatu, kama unapinga, tumia neno lenyewe: “Ninaweka pingamizi dhidi ya makadirio Na. … ya tarehe …”. Taja kiasi unachokipinga, kiasi unachokubali, na sababu ya kila kipengele peke yake. Mahali pengi kuna fomu maalumu, na baadhi ya sheria zinataka sehemu ya kodi ilipwe kwanza ndipo pingamizi lipokewe. Barua isiyotimiza masharti hayo haipokelewi hata ikiwa na ukweli wote.

Simama hapa kama zimebaki siku chache na bado hujui utapinga nini. Mtafute mshauri wa kodi leo. Na kama muda umeshapita, usitume pingamizi la kawaida kwa matumaini kwamba hawatagundua. Yapo maombi ya kuongezewa muda, yenye masharti yake, na unapewa nafasi chache za kuyatumia. Hiyo ni kazi ya mtaalamu.

## Dalili ya tano: barua imezaa makubwa

Umeandika kulalamikia adhabu ndogo, umejibiwa kwa barua ya kuomba vitabu vya miaka mitatu.

Mara nyingi mwandishi mwenyewe alifungua mlango. Katika kujitetea aliongeza habari ambazo hazikuombwa: “mwaka ule nilikuwa nauza bila stakabadhi kwa sababu mashine iliharibika”, au “fedha nyingine ziliingia kwenye akaunti ya ndugu yangu”. Alikusudia kuonyesha hana hila. Ofisa aliyesoma hawezi kujifanya hajasoma. Sema ukweli daima, lakini jibu ulichoulizwa. Kabla ya kutuma, piga mstari chini ya kila sentensi isiyounga mkono ombi lako wala kuelezea kielelezo. Zifute. Barua ya Julai ya mtu wetu, tulipoifanyia hivyo kwa majaribio, zilibaki sentensi tano kati ya thelathini na mbili.

Chanzo kingine ni hasira. Ofisa hatakuadhibu kwa kuwa umemkasirikia, wengi wao wamezoea. Tatizo la hasira ni la kiufundi: inaleta maneno “kila mara”, “hamjawahi”, “mnajua kabisa”, na kila moja ni dai ambalo linaweza kukanushwa. Ukisema “hamjawahi kunijibu” na jalada lina jibu la mwaka 2022, barua yote imeingia doa. Tarehe zinafanya kazi hiyo bila kelele: “Niliandika tarehe 12 Julai na kukumbusha tarehe 5 Agosti. Hadi leo sijapokea jibu.” Isome hiyo kwa sauti. Inauma kuliko tusi, na haina pa kukanushwa.

Unyenyekevu uliozidi nao una madhara yake. Anayeandika “naomba mnisamehe kosa langu” wakati hana kosa zaidi ya kuchagua mwezi usio wake, anaweza kukuta ombi lake limesajiliwa kama ombi la msamaha wa adhabu, na ombi la msamaha linaweza kukataliwa kwa hiari ya ofisa. Marekebisho ya akaunti hayaombewi huruma. Yanaombewa hesabu sahihi.

Acha kuandika kabisa, na utafute mshauri wa kodi au mwanasheria, ukiona lolote kati ya haya: barua inataja udanganyifu, kughushi au kosa la jinai; unaitwa kuhojiwa; benki imepokea amri ya kuzuia au kutoa fedha zako; mali imetajwa kukamatwa; au wewe mwenyewe, ukiangalia vitabu vyako kwa ukweli, unaona ritani uliyowasilisha haikuwa sahihi. Hilo la mwisho watu hujaribu kulifunika kwa barua nzuri. Sehemu nyingi anayejisahihisha kabla hajakaguliwa hupata nafuu kubwa ya adhabu kuliko anayegunduliwa, lakini namna ya kujisahihisha ina utaratibu wake, na barua iliyotangulia vibaya inaweza kuiondoa nafuu hiyo.

Kwa mtu wetu, malipo yalihamishwa wiki tatu baada ya barua ya Agosti. Riba ilibaki kwenye akaunti kwa wiki nyingine mbili, ikabidi tutume kumbusho la mistari minne likirejea kipengele (a) na tarehe 18 Aprili. Baada ya hapo taarifa ya akaunti ilisoma sifuri kwa Machi na sifuri kwa Aprili. Aliichapa, akaiweka kwenye faili pamoja na nakala ya barua yenye muhuri. Sasa anapotengeneza namba ya malipo huwa na ritani mbele yake, anasoma kipindi kutoka hapo.